Uzi nilioufunga mwenyewe

Anayeshona kofia kwa mkono huvaa kastabini kidole kimoja tu, kile cha kulia kinachosukuma sindano. Kidole kinachopata taabu ni cha upande wa pili, cha shahada cha mkono wa kushoto, ambacho hukaa chini ya kitambaa kikiisubiri ncha itokeze. Hicho hakivikwi kitu. Lazima kiwe kitupu kiisikie sindano, la sivyo vitobo vinakwenda kombo. Kwa hiyo kwetu kuchomwa si habari. Unakinyonya kidole, unapangusa kwenye khanga, unaendelea.

Mwezi wa Rajabu nilichomwa hivyohivyo, nyumbani kwangu Tanga, nikiwa na kofia ya mteja ambayo ilikuwa imekwisha kunila miezi miwili. Nisingeikumbuka siku hiyo hata kidogo kama nisingekuja kuulizwa baadaye. Siku kama kumi zikapita. Asubuhi moja nikaona kwenye nyama ya kidole, karibu na ncha, nukta nyekundu ya kadiri ya kichwa cha pini. Nilidhani ni kipande cha uzi mwekundu kimenasa. Nikakikwangua kwa ukucha, kikatoa damu.

Wiki moja baadaye nukta imekuwa choroko. Shaabani ilipoandama ilikuwa punje ya mahindi. Nilipata kuona vipele na majipu mengi, sijaona kitu kinachokua kwa haraka ile. Kilikuwa chekundu kibichi, kinang'aa kama punje ya komamanga, kimesimama juu ya shingo nyembamba. Na pale shinani kilizungukwa na mviringo mdogo wa ngozi nyeupe iliyoinuka. Mimi ni mshonaji. Nilichoona ni ukosi. Kinyama kimevaa ukosi kama wa kanzu. Nilimchekea mume wangu nikamwonyesha. Sikujua kwamba ukosi ule ndio alama ambayo tabibu angeitafuta kabla ya nyingine yoyote.

Hakikuuma. Hilo nataka niliseme mapema, kwa sababu ndilo lililonichelewesha. Kingeuma ningekwenda hospitali siku ya tatu. Lakini nilikibonyeza, nikakigeuza huku na huku, nisisikie kitu zaidi ya ulaini. Taabu yake ilikuwa damu. Ukikigusa na kitambaa, damu. Ukiingiza mkono mfukoni kutafuta funguo, damu. Nikiosha vyombo maji yanageuka rangi. Na si damu ya mchubuko inayojikausha yenyewe. Ilikuwa inachuruzika, ikisimama inaacha gaga, na gaga likinasa kwenye kitu inaanza upya. Nikawa nafunga plasta kutwa, na chini ya plasta ngozi ikalowa ikawa nyeupe kama ya mtu aliyeshinda kwenye maji.

Sasa fikiria kofia nyeupe. Sisi washonaji tuna dawa yetu ya zamani: damu yako hutolewa kwa mate yako. Unatafuna kipande cha uzi mweupe, unakilowesha mdomoni, unapangusa palepale kabla haijakauka, inaondoka. Ilikuwa inaniondokea kila mara. Lakini mate hayo ni ya tone moja la sindano. Siku moja nilinyanyua kofia kuitazama kwenye mwanga nikakuta michirizi minne upande wa ndani, ya muda, imekwisha kuwa kahawia. Maji ya baridi na sabuni yalipunguza tu. Ramadhani ilikuwa inakuja, na watu wote wanataka kofia zao kabla ya Idi.

Mitaani kila mtu ana jina la kitu chako. Shoga yangu alisema ni mdudu wa kidole. Nikamwambia mdudu namjua, alinipata nikiwa na mimba ya mwanangu wa pili: hupwita usiku kucha usilale, kidole huvimba kikawa moto, na mwisho hutoa usaha. Hiki hakipwiti na usaha hakina. Wifi yangu alisema chunjua. Chunjua huwa ngumu na kavu, ina rangi ya ngozi, nayo huchukua miezi kukua. Mwanawe akapendekeza maji ya betri, wanayapaka mafundi wenzake wa gereji kwenye chunjua zao. Hapo nilikataa, na katika kisa hiki kizima ni jambo moja kati ya machache ninayojisifia. Maji ya betri ni asidi. Hayachagui nyama mbaya na nzuri, na chini ya nyama ya kidole kuna kano na mfupa, si mbali.

Duka la dawa nilikwenda mara mbili. Kijana wa dukani aliniuzia vidonge vya amoksilini vya rangi mbili, akanifundisha nivifungue nimwagie ule unga juu ya kinyama. Nilifanya hivyo siku tano. Unga uliganda na damu ukawa kama saruji, na kila nilipoubandua ndipo nilipotoka damu nyingi zaidi. Baadaye nilijua kwamba dawa ile ingekuwa bure hata kama ningeimeza: dawa ya kuua bakteria haina la kufanya mahali ambapo hakuna bakteria anayesababisha ugonjwa.

Ndipo nikaamua kukifunga uzi.

Naeleza kwa ukamilifu kwa sababu najua wapo watakaosoma hapa huku wameshika uzi. Nilichukua uzi wangu wa kushonea, nikaupitisha kwenye kiberiti kidogo nikidhani nimeusafisha, nikazungusha shingoni mwa kinyama mara mbili na kukaza kwa meno. Ilikuwa usiku wa Alhamisi. Kilibadilika rangi mbele ya macho yangu, kutoka wekundu hadi zambarau. Kesho yake kilikuwa cheusi. Siku ya tatu kilianza kunuka. Siku ya nne, nikiosha sufuria, kikadondoka. Nilikiokota kwenye maji ya vyombo, kidogo kama punje ya pilipili manga iliyolowa, nikakitupa jaani pamoja na maganda ya vitunguu. Nilijiona fundi.

Damu ilianza usiku. Niliamka nimelala kwenye unyevu. Mume wangu akawasha taa, tukakuta shuka na mto vimelowa, na kwenye kidole tundu dogo tu, la kupitisha sindano ya gunia, linalotoa damu kwa vishindo vidogovidogo. Alinipa kikoi. Nikabana, nikafunua kuangalia, bado inatoka. Nikabana tena, nikafunua. Tulikwenda hivyo karibu saa nzima, na kila nilipofunua nilikuwa nang'oa kile kigandisho kidogo ambacho mwili umekwisha kukitengeneza. Mume wangu akaleta mpira wa kufungia vifurushi akitaka kunikaza shina la kidole nilale nao. Bahati yangu ulikatika. Tabibu aliponisikia nikilisimulia hilo alikunja uso kuliko alivyokunja kwa jambo jingine lolote: mpira ukikaa kwenye kidole usiku mzima, asubuhi unaweza kukuta huna kidole cha kukiuguza.

Njia aliyonifundisha ni nyepesi na tungeweza kuifanya usiku ule. Kitambaa safi, kidole kibanwe kwa nguvu pale penye damu penyewe, mkono uinuliwe juu kuliko moyo, na saa iwekwe mbele. Dakika kumi na tano kamili, bila kuchungulia hata mara moja. Ikiwa bado inatoka, kumi na tano nyingine. Ikiwa bado, hospitali, hata kama ni saa nane usiku.

Kidonda kilifunga. Ramadhani ikaingia, nikashona, nikamaliza kofia mbili. Nilimwambia kila aliyepita barazani kwamba dawa ni uzi. Nilimwambia hata mama mmoja wa mtaa wa pili ambaye mwanawe alikuwa na kitu kama hicho kwenye mdomo. Hilo nalijutia hadi leo, ingawa bahati nzuri hakunisikiliza.

Kumi la pili la Ramadhani kilirudi. Safari hii hakikuanza kama kichwa cha pini, kilichomoza kwenye kovu lenyewe, kipana, na pembeni yake wenzake wawili wadogo. Kufika Idi kile kikubwa kilikuwa kimepita ukubwa wa kile cha kwanza, nami sikuweza kushika sindano kabisa. Kofia ya mteja wangu ilikwenda Idi bila kumalizika. Alivaa ya zamani. Hakunilaumu, na kutonilaumu kwake kuliniuma zaidi.

Mfunguo Mosi, siku ya tisa, nikaenda hospitali, kliniki ya ngozi. Aliyenipokea alikuwa kijana wa umri wa mwanangu wa kwanza, tabibu aliyesomea magonjwa ya ngozi Moshi, pale KCMC, ambako tangu 1992 kuna kituo kinachofundisha matabibu wa ngozi wa nchi nyingi za Afrika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nina kinyama."

Hakukigusa. Alichukua lenzi yenye taa akakiinamia kwa muda, halafu akaniuliza maswali ambayo mengine niliyaona hayahusiani. Kilianza lini? Palichomwa au palikatwa kabla? Ndipo nikaikumbuka sindano ya Rajabu. Kinatoka damu kwa kuguswa tu? Nina mimba? Nilicheka, nina miaka 44. Hakucheka; alisema mimba ni miongoni mwa mambo yanayoviotesha. Natumia dawa gani? Dawa za kuyeyusha damu? Dawa za chunusi kali za kumeza? Dawa za saratani? Za kupunguza makali ya virusi? Kuna dawa katika makundi hayo ambazo baadhi ya wanaozitumia huota vinyama hivi. Na je, nina madoa ya rangi ya zambarau kokote mwilini, miguuni, kinywani?

Kisha akaomba nipime virusi vya ukimwi. Nilinyamaza. Nilikuwa nimekuja na kidole.

"Mama, nisikilize nikueleze kwa nini," akasema. "Kitu hiki nakijua kwa kukiangalia. Kimekua haraka, kinatoka damu, kina shingo, kina hii ngozi iliyokizunguka chini kama kola. Kinaitwa payojeniki granuloma. Si saratani na hakigeuki kuwa saratani. Lakini kuna vitu vibaya vinavyovaa nguo hiyohiyo. Kuna sakoma ya Kaposi, ambayo kwetu Afrika Mashariki si ngeni, hasa kwa mwenye virusi ambaye hajaanza dawa. Kuna maambukizi ya bakteria yanayootesha vinyama vyekundu kwa mtu ambaye kinga imeshuka. Na kuna melanoma, saratani ya ngozi ambayo watu wanaitegemea iwe nyeusi, lakini ipo isiyo na rangi, inakuja nyekundu kama hiki. Viganjani, nyayoni na chini ya kucha ndipo hasa melanoma inapowapata watu weusi. Macho yangu yananiambia hiki ni kizuri. Macho hayakati kesi. Inakata maabara."

Nikamweleza habari ya uzi. Akaniuliza swali moja tu: "Kile kilichodondoka ulikipeleka wapi?"

Jaani, pamoja na maganda ya vitunguu.

Nikiulizwa nilibadilika lini, nasema ni hapo, kwenye kiti kile, kabla sindano ya ganzi haijaingia. Nilikuwa nimekwenda nikiamini kosa langu ni kwamba uzi haukukaza vya kutosha. Kumbe nilikuwa nimekitupa kitu pekee kilichoweza kujibu swali la nina nini. Kama kingekuwa kile kibaya, ningekaa miezi na kovu zuri juu, huku ugonjwa ukiendelea na shughuli zake chini.

Akanichorea kwenye nyuma ya kadi kwa nini kilirudi. Kinyama hiki ni fundo la mishipa ya damu midogo sana, imejikusanya vishada vishada. Mwili, baada ya jeraha dogo, ulianza kutengeneza mishipa ya kuponya ukasahau kuacha. Tunachokiona juu ni vishada. Mshipa unaovilisha uko chini, ndani ya ngozi. Uzi unakaba shingo. Mshipa wa chini unabaki, na umechokozwa upya. Nikamwambia ni kama ndago shambani: ukifyeka majani, kiazi kiko ardhini. Akasema ndiyo, na ukifyeka ovyo unaweza kukuta na zile za pembeni, akanionyesha wale wawili wadogo.

Majibu ya damu yalitoka yakiwa hayana virusi. Nikapangiwa siku ya pili yake asubuhi.

Dirishani, wakati wa kulipa, karani aliniuliza kama nalipia na kipimo cha nyama. Malipo yake yako kando na ya upasuaji, na jibu la haraka mdomoni mwangu lilikuwa hapana. Nadhani hapo ndipo wengi wetu tunapokipoteza kinyama mara ya pili, safari hii hospitalini. Nilirudi nyumbani, nikauza kofia niliyokuwa nimemwekea mume wangu, nikalipia.

Kazi yenyewe haikufika nusu saa. Alinichoma ganzi ya lignokaini shinani mwa kidole, upande huu na upande huu, na hiyo ndiyo iliyouma, inawaka kama pilipili kwa muda wa kuhesabu hadi ishirini. Halafu tukasubiri. Dakika kama kumi baadaye alinidunga na ncha ya sindano akauliza kama naisikia. Kidole kilikuwa cha mtu mwingine. Akakata kidole cha glovu, akakivika changu, akakiviringisha kutoka ncha kuja shinani, kikawa pete ya kubana damu. Kwenye pete ile akabana koleo refu la chuma. Nikamwuliza la nini, likining'inia hivyo. Akasema ni la kumzuia asisahau kuitoa pete; hakuna anayeweza kufunga bandeji akaacha koleo kama lile lining'inie.

Alitumia kijiko kidogo chenye ukingo mkali. Hakukikata kinyama kwa juu. Alikiondoa kizima kutoka shinani, akakidondosha kwenye kichupa chenye formalini, kichupa tayari kina jina langu, akakifunika kabla ya kufanya jambo jingine lolote. Kisha akarudi kwenye lile tundu akalikwangua, na wale wawili wadogo pia, mpaka, alivyosema, kijiko kinapoacha kukwangua kitu laini na kuanza kukutana na ngozi ngumu. Baada ya hapo akachukua kalamu ya umeme akachoma kitako chote. Pakatoka moshi mwembamba na harufu ya ukucha ulioungua. Akaifungua pete, akasubiri, akatazama kama damu inachuruzika, akachoma sehemu moja zaidi. Ndipo akaweka mafuta mazito na shashi na bandeji.

Nilimwuliza kama hakuna njia ya bila kisu. Zipo, akasema. Kuna kugandisha kwa baridi kali ya naitrojeni, kuna kijiti cha dawa ya kuunguza, kuna miale ya leza mahali yalipo mashine. Vinyama vingi huisha kwa njia hizo. Lakini hazibakishi kipande cha kupeleka maabara, na yeye hapendi kuunguza kitu kabla ya kujua kinaitwa nani, hasa kwa mtu mzima, na hasa kitu kilichokwisha kurudi mara moja. Na kama changu kingerudi tena baada ya hapo, alisema, hatua inayofuata ni kukata pamoja na kipande cha ngozi iliyo chini yake na kushona nyuzi. Hiyo ndiyo inayopunguza zaidi kurudi, ila huacha kovu refu, na kwenye nyama ya kidole hakuna ngozi ya ziada ya kuvutia.

Siku mbili sikulowesha. Baada ya hapo maji na sabuni kila siku, mafuta, kitambaa kipya. Palikuwa na kidonda cheusi, kikawa cha waridi, na wiki ya tatu ngozi ilikuwa imefunga.

Majibu ya maabara niliyafuata mwenyewe, maana nilijua nisipoyafuata yatalala. Nilifungua bahasha ukumbini, kosa la watu wasio na subira, nikasoma maneno nisiyoyatarajia: hemanjioma ya kapilari ya lobula. Hakuna granuloma wala payojeniki. Miguu ilinilegea. Niliona wamegundua kitu kingine.

Tabibu alisoma akatabasamu. Ni kitu kilekile, akasema, na hili la karatasini ndilo jina lenye ukweli. Lile la zamani lina uwongo mara mbili. Payojeniki maana yake chenye kuzalisha usaha, nacho hakizalishi. Granuloma ni aina ya uvimbe wa kinga ya mwili, nacho sicho. Mwaka 1897 madaktari wawili Wafaransa, Poncet na Dor, walikieleza wakidhani ni maambukizi ya kuvu yanayotoka kwa farasi. Baadaye ikadhaniwa ni bakteria, na jina la usaha likaganda. Mwaka 1980 watafiti walipendekeza jina linalosema kilivyo kwenye hadubini, mishipa midogo iliyojipanga vishada vishada, na ndilo wanalolipenda wa maabara. Kliniki wamebaki na la zamani kwa mazoea. Nilifurahi kusikia hata wakubwa walimtafuta farasi asiyekuwapo. Mimi na unga wangu wa amoksilini hatukuwa peke yetu.

Mwaka uliofuata kitu kile kiliingia nyumbani kwangu tena, safari hii kwa mke wa mwanangu. Alikuwa na mimba ya miezi sita, akaota kinyama chekundu kwenye mdomo wa chini, karibu kabisa na mstari ambapo mdomo unakutana na ngozi ya uso. Kila akila, damu. Wifi yangu, kama kawaida, akanyanyua uzi. Nikamnyang'anya.

Nilimpeleka kwa tabibu yuleyule nikiwa na hakika kwamba atakatwa siku ileile. Hakukatwa. Alisema homoni za mimba ndizo zinazokilisha, hasa kwenye ufizi na midomo, na mara nyingi baada ya kujifungua hunywea. Na kikiondolewa mimba ikiwa bado, kinaweza kurudi kwa kuwa kinachokilisha bado kipo. Damu yake ilikuwa ndogo na inasimama kwa kubanwa, kwa hiyo wangesubiri. Alimpa tarehe ya kurudi kila mwezi, akampima wingi wa damu, akamwambia apige mswaki laini na aache vyakula vya kukwaruza. Na akampa masharti: kikianza kutoka damu isiyosimama, au kikibadilika rangi kuwa cheusi, au kikiota kidonda, asingoje tarehe.

Alijifungua salama. Kinyama kilipungua kikawa punje ya ufuta, lakini hakikuisha. Mtoto alipofika miezi mitatu kiliondolewa, na hapo nikaona kazi ya fundi. Daktari wa upasuaji, maana mdomo tabibu hakuugusa, kwanza aliweka alama ya wino pande mbili za ule mstari wa mdomo, kabla ya kuchoma ganzi. Ganzi huvimbisha mdomo na mstari unapotea; bila alama unaweza kuushona umepishana, na mstari wa mdomo ukipishana kidogo tu kila anayekuangalia anauona. Nasi huweka alama hivyohivyo kabla ya kukata ukosi. Kipande kilikwenda kichupani. Majibu yalikuja na jina lilelile refu, na safari hii sikulegea miguu.

Kidole changu kina kovu jeupe kama tone la nta. Pana ganzi kidogo palepale, siisikii ncha vizuri, kwa hiyo nimehamia kidole cha kati na vitobo vyangu vya mwanzo vilikuwa kombo. Nilionywa kwamba kikirudi hurudi ndani ya wiki chache au miezi. Huu ni mwezi wa 20 hakijarudi. Kofia ya mteja wangu niliimaliza Mfunguo Tatu, na michirizi ile minne iko upande wa ndani, ukijua pa kuitafuta.

Wewe mwenye kinyama chekundu kinachokua haraka na kutoka damu kwa kuguswa tu, uweke uzi chini. Nenda kikaondolewe na anayejua. Na kabla hujainuka kwenye kile kiti, muulize: kipande changu kinapelekwa maabara gani, na majibu niyafuate lini?